Una Kazi Mchana? Plani Yako ya Foreksi Iwe ya Usiku

Wasee, mimi nasema hivi: kama umeajiriwa na chati unaziona jioni tu, achana na chati ya dakika 5. Hiyo ni ya mtu anayekaa mbele ya skrini siku nzima. Wewe chukua chati ya siku, D1, na jozi moja tu. Tuseme EURUSD.

Kuna kitu wengi hawashiki. Kwa mabroka wengi, mshumaa wa siku hufungwa saa kumi na moja jioni ya New York. Kwetu hiyo ni saa sita usiku, au saa saba msimu ule Wamarekani wamerudisha saa nyuma. Kwa hivyo ukicheki saa tatu usiku, mshumaa wa leo bado unawaka na unaweza kugeuka kabisa. Usiamue nao. Soma ule wa jana.

Chukua mfano. Bei imekuwa ikipanda wiki kadhaa. Mshumaa wa jana ulifika juu 1.1690 na chini 1.1620, na saa hii bei iko 1.1665. Unaweka Buy Stop 1.1695, Stop Loss 1.1615, Take Profit 1.1855. Unahatarisha pip 80 kutafuta 160. Kama bei ilishavuka 1.1690 ukiwa kazini, imekupita, usiikimbize. Kama oda haijashikwa kufikia kesho jioni, ifute.

Sasa pesa, na hapa ndipo mshahara huliwa. Tuseme una dola 200 na umekubali kupoteza asilimia 1 kwa kila oda, yaani dola 2. Kwa loti 0.01, pip moja ni senti 10, so pip 80 ni dola 8. Hiyo ni asilimia 4! Wengi hapa husogeza Stop Loss karibu, iwe pip 20, ndiyo hesabu ikubali. Shida ni kwamba EURUSD inaweza kutembea pip 20 kabla ufike stendi asubuhi. Utatolewa hata kama ulikuwa sahihi.

Kwangu, Stop Loss haisongi. Kinachopungua ni loti. Tafuta akaunti ya senti, ambapo loti ni ndogo mara 100. Huko loti 0.25 kwa pip 80 ni dola 2 kamili. Broka wako hana? Baki demo hadi ufikishe dola 800.

Usiku wa Ijumaa usiweke oda mpya. Soko likifunguka baada ya wikendi, bei inaweza kuruka Stop Loss yako na ukapoteza zaidi ya ulichopanga.

Na ukijipata unafungua chati chooni kazini, hesabu iko wazi: loti yako ni kubwa kukuliko. Ipunguze leo jioni.

Wewe unatumia loti gani, na Stop Loss ya pip ngapi? Niambie hapo chini.