Kilomita 1.2 Zilizomezwa na Jedwali

Wapo watumishi wa umma wanaoamini kwamba jedwali la kazi na bei, lile ambalo wahandisi huliita BOQ, ni waraka wa wataalamu, na kwamba mwananchi akionyeshwa atapotoka tu. Nataka kuipinga imani hiyo kwa kurasa mbili alizoniletea mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Mpanda, aliporudi kutoka likizo. Ukurasa wa kwanza ulitoka katika jedwali la mkataba wa barabara ya changarawe nje ya mji. Wa pili ulikuwa madai ya mkandarasi ya malipo. Nimebadili tarakimu kidogo ili nisimtaje mtu, lakini mantiki ya hesabu ni ileile.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba asianze na jumla ya fedha. Jumla iliyo chini ya ukurasa hutisha au hupumbaza, na yote mawili hayasaidii. Anayekagua madai huanza na mstari mmoja, akauandika upya kwa mkono wake: namba ya kifungu, maelezo ya kazi, kipimo, kiasi cha mkataba na bei ya kipimo kimoja. Kisha pembeni huandika kiasi kinachodaiwa. Kazi hii huchosha, hasa nakala ikiwa imefifia hata 1 ikafanana na 7, lakini ndiyo inayokulazimisha kusoma neno ambalo jicho lingeliruka.

Mstari wetu ulisema hivi: kuweka tabaka la changarawe, kipimo mita ya ujazo, kiasi 4,950, bei shilingi 28,000. Kiasi hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Barabara ni ya kilomita 6, upana wa tabaka ni mita 5.5 na unene ni sentimita 15. Zidisha 6,000 kwa 5.5, kisha kwa 0.15, utapata 4,950 kamili. Na katika maelezo ya kazi kulikuwa na maneno matatu ambayo kesi nzima inayategemea: "baada ya kushindiliwa".

Sasa tuyatazame madai. Mkandarasi aliandika kwamba amekamilisha kuanzia mwanzo wa barabara hadi kilomita ya 4, na akadai mita za ujazo 4,125 kwa bei ileile ya 28,000, yaani shilingi 115,500,000. Bei ni sahihi. Kuzidisha ni sahihi. Kiasi kinachodaiwa ni kidogo kuliko kile cha mkataba. Ofisa anayelinganisha safu kwa safu ataweka alama ya vema na kusaini, na dhamiri yake haitamsumbua.

Lakini igeuze hesabu. Kila mita moja ya urefu wa barabara hii inameza 5.5 mara 0.15, yaani mita za ujazo 0.825. Gawanya 4,125 kwa 0.825. Jibu ni mita 5,000. Mtu anasema amejenga kilomita 4 huku anadai changarawe ya kilomita 5, na mambo hayo mawili yameandikwa katika karatasi moja.

Kilomita ya tano imetoka wapi? Imetoka ndani ya tipa. Nyuma ya madai kulikuwa na orodha ya safari 275 za gari lenye ujazo wa mita 15, na 275 mara 15 ni 4,125. Mkandarasi alipima changarawe ikiwa bado imelegea. Changarawe iliyochimbwa na kumiminwa garini huwa na nafasi nyingi za hewa. Ikitandazwa, ikamwagiwa maji na kupitiwa na rola, hupungua. Kwa hesabu ya kawaida, mita moja iliyoshindiliwa huhitaji kama mita 1 na robo iliyolegea, ingawa uwiano huo hubadilika kwa aina ya changarawe. Kwa hiyo magari yale huenda yalikuja kweli, yote 275. Simwiti mtu mwizi kwa safari ambazo sikuzihesabu. Ninachosema ni kwamba serikali haikununua changarawe ya garini. Ilinunua changarawe iliyoshindiliwa barabarani, na mkandarasi alipoandika 28,000 katika zabuni yake alipaswa kuwa ameshaingiza humo kupungua huko. Stahili yake kwa kilomita 4 ni mita 3,300, sawa na shilingi 92,400,000. Zilizozidi ni 23,100,000.

Mstari wa pili uliotushtua haukuwamo kabisa katika jedwali. "Usafirishaji wa changarawe", mita 4,125 kwa 4,000, shilingi 16,500,000. Hapa dawa ni kurudi kwenye maelezo ya utangulizi ya jedwali, kurasa ambazo karibu kila mtu huziruka kwa kuwa hazina tarakimu. Mwanafunzi alikwenda kuzitafuta, na zilisema kwamba bei ya changarawe inajumuisha kuchimba, kupakia, kusafirisha umbali wowote, kutandaza na kushindilia. Basi usafirishaji ulikwisha kulipiwa ndani ya 28,000. Kama kweli shimo lililokusudiwa liliishiwa changarawe, ikabidi kwenda mbali, pangekuwa na hati ya mabadiliko ya kazi iliyosainiwa na mhandisi kabla ya gari kuondoka. Haikuambatanishwa.

Nikiri kwamba karatasi ina mipaka yake. Haiwezi kukuambia kama unene ni sentimita 15 au 11. Kwa hilo lazima mtu aende na sururu na rula, achimbe vishimo katikati na kwenye kingo zote mbili, kwa sababu kingo ndiko tabaka hukonda. Mimi hapa nimekubali tu kwamba unene umetimia.

Nitaambiwa kwamba wakandarasi wetu wadogo hucheleweshewa malipo hadi wanauza mitambo. Ni kweli, na ni aibu. Lakini deni la kuchelewesha lina njia zake za kudaiwa, na kuongeza ujazo si mojawapo. Nitaambiwa pia kwamba tofauti itarekebishwa katika hesabu ya mwisho. Itarekebishwaje? Jedwali limebaki na mita 825. Zikihesabiwa garini tena, zitatosha mita 800 tu za barabara. Kiasi cha mkataba kitaisha kwenye kilomita 4.8, karatasi zitaonyesha kazi imefikia asilimia 100, na kijiji kilicho mwisho wa barabara kitaambiwa kwamba fedha zimekwisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoficha ukurasa huu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba waraka wa namna hii, na inaitaka ofisi imjibu ndani ya siku 30. Mwanafunzi wangu ameandika barua. Hakuomba mkataba wote. Ameomba mstari mmoja wa jedwali, utangulizi wake, na vipimo vya barabarani vilivyotumika kuidhinisha malipo. Barua ilipokewa na kugongwa muhuri, na siku zinahesabika. Mvua za Katavi huanza kuelekea Novemba, na kilomita 1.2 za mwisho zinapita katika udongo mweusi wa mbugani.