Karani, hesabu kwanza kabla ya kusema mama amesahau

Kuna tabia ya kuacha. Mama aliyehamishwa anaketi mbele ya karani na kusema mwanawe alizaliwa siku ya Mungu, kesho yake baada ya Nyiragongo kulipuka. Karani anaandika 22 Mei 2021. Mama akikataa, anajibiwa: «Mama, umesahau.»

Hakusahau. Wamama wengi wanashika siku kuliko tarehe, kwa sababu siku ina soko, ibada na posho. Tarehe inakaa katika karatasi, na karatasi nyingi zilibaki nyumbani tulipokimbia.

Karani angeweza kuhakikisha kwa kichwa, bila simu. Mwaka wa kawaida una siku 365, maana yake juma 52 na siku moja zaidi. Kwa hiyo kila mwaka tarehe ileile inasogea siku moja mbele. Ikiwa katikati imepita 29 Februari, inasogea siku mbili.

Tuchukue kalenda ya 2025: 22 Mei ilikuwa Alhamisi. Kurudi mpaka 2021 ni miaka 4, na katikati kuna 29 Februari moja tu, ile ya 2024. Nne na moja ni tano. Toka Alhamisi rudi nyuma siku tano: Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi. Basi 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi, siku ya posho, na volkeno ililipuka jioni ile. Jumapili ya mama ni tarehe 23. Mama yuko sawa, fishi ndiyo yenye kosa.

Wengi wanapotea hapa: wanaona mwaka mrefu na kuongeza siku bila kuuliza kama 29 Februari iko kweli kati ya tarehe mbili. Toka 10 Februari 2020 mpaka 10 Februari 2021 unaongeza mbili, kwani 29 Februari 2020 imo ndani. Toka 10 Mei 2020 mpaka 10 Mei 2021 unaongeza moja tu, kwani ilikwisha pita.

Wengine watasema haya ni mafumbo ya mitihani. Mimi nakataa. Ni kweli hesabu hii haisemi nani amekosea: inasema tu kwamba siku na tarehe hazipatani. Lakini zisipopatana, kazi ya karani ni kuuliza tena: ilikuwa kabla ya ibada ama baada? Soko lilikuwa limefunguliwa? Kumfunga mama mdomo si kazi yake.

Na nyinyi wazazi, mkipewa fishi msiikunje mara moja. Someni tarehe, hesabuni siku. Zikikataana, rudisheni palepale, kabla karatasi ya pili haijanakiliwa kutoka ya kwanza pamoja na kosa lake.