Mfanyabiashara akiomba usaidizi, usimtumie sivii

Mama anayeuza viatu vya mitumba Gikomba ameandika kwenye stetasi yake: "Nimechoka kujibu 'bei gani?' usiku kucha." Wewe ni frilansa na hiyo kazi unaiweza. Lakini ukimjibu kwamba wewe ni "mtaalamu wa masoko ya kidijitali", atakupita tu. Huyu hatafuti mtaalamu, anatafuta usingizi.

Mwandikie siku hiyo hiyo, kabla hasira haijapoa:

"Habari mama. Nimeona unavyosumbuliwa na swali la bei. Naweza kupiga picha viatu 30 na kuviweka kwenye katalogi ya WhatsApp Business, kila kimoja na saizi na bei yake. Ni kazi ya siku mbili, shilingi 3,000, nusu kabla ya kuanza. Nije Alhamisi asubuhi?"

Basi. Tatizo ni lake, kwa maneno yake, na jibu lake ni ndiyo au la. Ukiacha bei nje, atadhani ni ghali na anyamaze. Ukisema utafanya bure, usishangae ukirudishwa kesho kwa bure nyingine.

Akiuliza, "Na kiatu kikiuzwa?" ujue umempata. Mitumba huja jozi moja moja, na katalogi yenye viatu vilivyokwisha itamletea maswali mapya. Mwambie utamfunza kuficha kilichouzwa kwa simu yake mwenyewe. Kama huwezi kumfunza hilo, usichukue pesa zake.