Kabati la futi saba lisifupishwe na picha
Na Zuhura Kibwana

Ukipita Boko kuelekea Bunju B kwa Barabara ya Bagamoyo, utaona vitanda na makabati yamepangwa mbele ya karakana za maseremala. Lakini mteja wa leo, hasa huyu anayemalizia nyumba yake Mabwepande, humwona fundi kwanza kwenye simu. Hivi karibuni mteja mmoja wa aina hiyo alifika kwa fundi ninayemfahamu, akafungua simu na kumwonyesha kabati la nguo. "Fundi, nitengenezee kama hili, ila nalitaka lenye upana huu huu."

Kabati lile lilikuwa limesimama nyuma yao. Upana wake ni futi 5 na urefu wake futi 7. Kwenye picha lilikuwa karibu mraba.

Nilimwomba fundi picha asili, nikaona mambo yalivyokwenda. Simu yake ilipiga picha ya wima yenye pikseli 3,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Kijana anayemtengenezea matangazo alitaka ijae kwenye bango la mraba la 1,080 kwa 1,080, akaivuta kwa pembe mpaka ikajaa. Upana ukagawanywa kwa 2.78, urefu ukagawanywa kwa 3.70. Maana yake urefu ulipoteza robo nzima zaidi ya upana, na kabati la futi 7 likaonekana kama la futi 5 na robo. Mteja hakukosea kuona. Picha ndiyo iliyompa kipimo cha uongo, na kwa muuzaji wa samani kipimo ndicho bidhaa yenyewe.

Watu wengi hulaumu mtandao kwa jambo hili. Instagram haivuti picha. Ikipewa umbo isilolikubali, huikata. WhatsApp kwenye stetasi huionyesha picha nzima na kuacha nafasi tupu juu na chini, au pembeni. Kuvuta tunakufanya sisi wenyewe, ama kwa kuvuta picha ndani ya bango, ama kwa kuandika upana na urefu tunaoutaka huku alama ya mnyororo au kufuli, ile inayoshikilia uwiano, ikiwa imefunguliwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ianze kwa umbo, na idadi ya pikseli ije baadaye. Ukishapata umbo sahihi, kupunguza ukubwa hakuharibu kitu.

Umbo ninalompendekezea fundi wa Bunju ni 4:5, yaani kila sehemu nne za upana ziwe na sehemu tano za urefu. Instagram ilikuwa ya mraba tu mpaka Agosti 2015, ilipoanza kuruhusu picha za wima na za mlalo, na tangu hapo 1,080 kwa 1,350 ndiyo posti ya wima iliyozoeleka. Programu nyingi za simu zina kitufe cha uwiano ndani ya sehemu ya kukata. Ukiona 5:4, igeuze iwe wima na utakuwa umepata 4:5.

Turudi kwenye kabati. Ndani ya picha asili lilichukua pikseli 1,700 kwa upana na 2,380 kwa urefu. Kushoto palikuwa na mbao, kulia pikipiki, na fundi alitaka viondoke. Tukachagua kipande cha 2,240 kwa 2,800, ambacho ni 4:5 kamili, kikiacha pumzi ya pikseli 270 kila upande na 210 juu na chini. Kisha tukakipunguza kuwa 1,080 kwa 1,350. Hesabu ya kujihakikishia ni fupi: gawanya 2,240 kwa 1,080, halafu 2,800 kwa 1,350. Yote mawili yanatoa 2.07. Majibu yakilingana, hakuna kilichovutwa. Yakitofautiana, rudi nyuma kabla hujaposti. Asiyependa hesabu atafute kitu cha duara ndani ya picha, kama tairi, saa ya ukutani au kitasa cha mviringo kilichopigwa picha kutoka mbele. Kikiwa kama yai, picha imevutwa.

Ile pumzi ya pembeni ina kazi. Tangu Januari 2025 vijipicha kwenye ukurasa wa mwenye akaunti Instagram vimeacha kuwa mraba na kuwa vya wima, 3:4. Posti ya 4:5 inapoonyeshwa pale hupoteza kiasi cha pikseli 34 kila upande, na kabati letu halikuguswa. Posti ya mraba ndiyo inayoumia, kwani hupoteza pikseli 135 kushoto na 135 kulia. Nimeona matangazo mengi ya viwanja vya huku kwetu ambayo namba ya simu imebandikwa ukingoni kabisa, na kwenye ukurasa wa dalali tarakimu mbili za mwanzo hazionekani.

Je, kipande hicho cha 4:5 kinatosha kila mahali? Hapana. Tulipojaribu kukikata tena kiwe mraba, kwa ajili ya sehemu zinazotaka mraba kama picha ya profaili, kabati lilipoteza miguu na taji, kwa sababu urefu wake ulikuwa umebaki 1,148 na mraba una 1,080 tu. Dawa ni kurudi kwenye picha asili na kukata mraba wa 2,800 kwa 2,800, nao ulipatikana vizuri. Kwa stetasi, ambayo hujaza kioo kwa umbo la 9:16, tulichukua 2,250 kwa 4,000 kutoka picha ile ile, kisha tukapunguza kuwa 1,080 kwa 1,920. Sakafu na anga vilivyobaki vikawa nafasi ya kuandika bei, tukiepuka ukingo wa juu na wa chini kabisa ambako jina la akaunti na sehemu ya kujibu hufunika maandishi. Kwa hiyo picha asili isifutwe hata baada ya posti kutoka.

Picha ya mlalo ina ukomo wake. Kama fundi angeshika simu kwa ubavu na kupata 4,000 kwa 3,000, kipande cha 9:16 kingekuwa na upana wa kama pikseli 1,690, na kabati lenye 1,700 lisingeenea. Hapo msikate wala msivute. Iwekeni picha nzima juu ya rangi moja tulivu yenye umbo la 9:16.

Kuvuta picha kunaniuma zaidi kwenye matangazo ya msiba. Picha ya marehemu hutolewa kwenye kitambulisho au picha ya pamoja, ikapanuliwa mpaka uso ukajaa fremu, na familia inamuaga mzee wao kwa sura isiyokuwa yake. Fremu ndiyo ya kubadilishwa, uso uachwe.

Mara nyingi picha hizo zimeshapita WhatsApp, ambayo kwa kawaida hupunguza picha, upande mrefu ukabaki karibu pikseli 1,600. Ukiondoa watu wa pembeni unaweza kubaki na 800 kwa 1,000. Usihangaike kuikuza ifike 1,080, kwa kuwa ukuzaji hauongezi hata unywele mmoja ambao haukuwepo. Umbo lake ni 4:5 ile ile na itakaa kwenye fremu bila kuvutwa, ila itakuwa laini kidogo. Kama mwenye picha yupo, mwombe aitume tena kama faili, kwa kuchagua "Document", ije na pikseli zake zote.