Nimechoka Kukaa

Kuna maneno nimeyasikia katika semina zaidi ya moja hapa kambini: eti kukosa shughuli ni zawadi, kwa sababu akili iliyoboreka huzaa ubunifu. Mwezeshaji anayasema akitabasamu, sisi tunapiga makofi, tunakunywa soda, halafu tunarudi nyumbani kukaa. Mimi nasema hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuumiza.

Sisi wenyewe tuna jina la hali hii. Muulize kijana yeyote ana shida gani, atakujibu: "Nimechoka kukaa." Mgeni atashangaa: mtu anachokaje na kukaa? Lakini jibu hilo lina akili. Mvivu hachoki kukaa. Anayechoka ni yule anayetaka kufanya kitu na hana cha kushika. Ndiyo maana kuboreka hakutulii. Mguu unatikisika, mtu anasimama, anakwenda sokoni bila hela, anarudi, anamchokoza mdogo wake. Si tabia ya wakimbizi tu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Timothy Wilson waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika 15, bila simu wala kitabu, na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Awali watu hao walisema wangelipa hela ili wasipigwe shoti ile. Lakini wanaume 12 kati ya 18 walijipiga wenyewe. Afadhali maumivu kuliko kukaa bure.

Sasa ile nusu ya kweli. Mwaka huohuo, kule Uingereza, Sandi Mann na Rebekah Cadman waliwapa watu kazi ya kunakili namba za simu kutoka kitabuni kwa dakika 15. Kisha wakawauliza: vikombe viwili vya plastiki vinaweza kutumiwa kwa nini na nini? Walioboreka walipata mawazo mengi kuliko wale ambao hawakupewa kazi ile. Walipojaribu tena, waliosoma namba tu bila kuandika ndio waliofanya vizuri zaidi, maana akili yao ilipata nafasi ya kutangatanga.

Lakini angalieni vizuri, ndugu zangu wa mashirika. Walikaa dakika 15, si miaka 15. Na walipomaliza, swali lilikuwa mezani likiwasubiri.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Kuna mtoto wa jirani anayetengeneza magari kwa makopo ya mafuta ya kula. Gari lake lilikuwa linakwenda mbele tu, halikati kona. Siku ya mgao alipanga foleni tangu asubuhi, hana simu. Saa ya kwanza alisukumana na wenzake. Baadaye alichoka hata kusukumana, akabaki anatazama baiskeli za wabeba mizigo, jinsi usukani unavyogeuza gurudumu la mbele. Aliporudi nyumbani alitoboa kopo, akafunga ekseli ya mbele kwa msumari mmoja tu katikati ili izunguke, akaiunganisha na waya mrefu wenye usukani juu. Gari likakata kona.

Kaka yake alikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Yeye ni seremala, na akiwa pale alifikiria namna ya kutengeneza kitanda cha kukunja. Lakini hana mbao, randa wala msumeno, na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Wazo likafika nyumbani na kukaa naye. Siku hizi hayuko sawa: analala mchana, usiku anagombana na watu. Foleni ni moja na kuboreka ni kumoja. Tofauti ni kopo, waya na msumari.

Kwa hiyo kuna namna ya kutambua. Anayetangatanga akirudi palepale kwenye kitu chake, mwacheni, anafanya kazi. Anayetaka tu kutoka, popote, hata kwa pombe au ugomvi, amekosa cha kushika. Na yule asiyetaka kitu chochote tena, hata alichokuwa anakipenda, huyo hajaboreka. Huenda ana sonona, apelekwe kituo cha afya, asipelekwe semina.

Sitaki ratiba yetu ijazwe kuanzia asubuhi hadi jioni, maana hapo hata nafasi ya kutangatanga itaondoka. Ninachotaka ni kidogo. Hela ya soda za semina moja inunue msumeno, randa, koleo na misumari. Chumba kimoja kiachwe wazi kila mchana, bila mwezeshaji na bila karatasi ya mahudhurio. Kuboreka tunako kwa wingi, hatuhitaji kufundishwa. Tuleteeni vifaa.