Wito: Mabinti Wawe na Siku Yao Uwanjani

Ndugu zangu mnaokaa kwenye kamati za viwanja na kamati za michezo za mitaa, nanyi wazazi mnaosimama pembeni jioni kuangalia mpira, nina ombi kwenu. Kabla sijalitoa, twende kwanza Preston, mji wa viwanda ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume walipokwenda vitani, wanawake walichukua nafasi zao viwandani. Katika kiwanda cha Dick, Kerr walitengeneza silaha, na wakati wa mapumziko walicheza mpira uani. Siku ya Krismasi mwaka 1917 waliingia Deepdale, uwanja wa klabu ya Preston North End, kupambana na wanawake wa kiwanda kingine ili kuchangia hospitali ya askari majeruhi. Watu wapatao 10,000 walilipa kiingilio. Timu ya Dick, Kerr ilishinda 4-0, na tangu siku hiyo ikawa inaalikwa kila mahali.

Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Desemba 1920, timu hiyo ilicheza na wanawake wa St Helens katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Walioingia walikuwa 53,000, na maelfu wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Mechi hiyo moja iliingiza zaidi ya pauni 3,000 kwa ajili ya hisani. Katika kikosi cha Dick, Kerr siku hizo alikuwamo binti wa miaka 15, Lily Parr, aliyekuwa na shuti la mguu wa kushoto ambalo makipa waliliogopa.

Haikupita hata mwaka mmoja. Tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Mpira wa Miguu cha Uingereza kilipitisha azimio kwamba mchezo huo hauwafai wanawake na haupaswi kutiwa moyo. Kikaongeza lalamiko la pesa: eti sehemu kubwa mno ya mapato ya mechi za hisani ilikuwa ikiishia kwenye gharama. Kisha kikazitaka klabu zilizo chini yake zisiruhusu viwanja vyao vitumike kwa mechi za wanawake.

Naomba tutulie hapo, maana hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Hakuna mwanamke aliyekatazwa kupiga mpira, wala hakuna aliyepelekwa mahakamani. Walichonyimwa ni uwanja. Na kwa kuwa viwanja vingi vyenye ukuta, mageti na majukwaa vilikuwa mikononi mwa klabu hizo, kunyimwa uwanja kulikuwa kunyimwa kila kitu kinachouzunguka. Katika bustani ya wazi huwezi kukata tiketi. Bila mapato ya mlangoni hakuna nauli ya kuifuata timu ya mji mwingine, wala hakuna cha kumfidia mchezaji mshahara wa siku aliyokosa kazini. Waamuzi waliosajiliwa nao wakazuiwa kuchezesha mechi za wanawake. Timu zilizokuwa zimezagaa nchi nzima zikaanza kufa moja moja, bila kelele.

Wanawake hawakukubali kirahisi. Mwezi huohuo waliunda chama chao, na mwaka 1922 wakaendesha mashindano ya kombe, ambayo timu ya Stoke iliyatwaa. Lakini chama hicho hakikudumu. Kina Dick, Kerr wenyewe, ambao baadaye waliitwa Preston Ladies, waliendelea kucheza mechi za kirafiki na za hisani, kwenye bustani na viwanja vya raga, hadi mwaka 1965. Lily Parr alikuwa nao kwa takriban miaka 30, huku akifanya kazi ya uuguzi. Mwanamke mwenye kipaji kile alimaliza maisha yake ya mpira bila kuwahi kucheza msimu hata mmoja wa ligi rasmi ya nchi yake. Kila ninapolifikiria hilo linaniuma.

Wala Uingereza haikuwa peke yake. Mwaka 1955 chama cha mpira cha Ujerumani Magharibi kilifuata njia ileile: klabu zisiwape wanawake viwanja, na waamuzi wasichezeshe mechi zao. Katazo hilo lilidumu hadi 1970. Brazili wao walitumia amri ya serikali ya mwaka 1941, iliyokuja kuondolewa mwaka 1979.

Huko Uingereza mambo yalianza kubadilika wanawake walipounda chama kipya mwaka 1969. Muda mfupi baadaye katazo la 1921 lilifutwa, na Mei 1971 fainali ya kwanza ya kombe lao ilichezwa Crystal Palace, London. Southampton waliwafunga Stewarton Thistle, timu iliyotoka Scotland, 4-1. Novemba 1972 timu ya taifa ya Uingereza ilicheza mechi yake rasmi ya kwanza huko Greenock, na kuishinda Scotland 3-2.

Lakini ligi ya taifa haikuanza hadi mwaka 1991, ikiwa na timu 24. Kutoka kombe hadi ligi ni miaka 20. Sioni ajabu. Kombe linaweza kuendeshwa kwa kuazima uwanja siku moja moja. Ligi inahitaji uwanja ule ule wiki baada ya wiki, mwamuzi atakayefika hata mvua ikinyesha, na nauli ya safari za msimu mzima. Walioendesha haya kwa miaka mingi walikuwa watu wa kujitolea. Chama kikuu kilikabidhiwa soka la wanawake mwaka 1993, na mwaka 2008 ndipo kilipoomba radhi kwa azimio la 1921. Mwaka 2022 watu 87,192 walijaa Wembley kuwaona wanawake wa Uingereza wakiifunga Ujerumani 2-1 katika fainali ya Ulaya. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita tangu umati ule wa Goodison Park.

Sasa ombi langu. Kwetu hakuna azimio la namna ile. Tanzania tuna Ligi Kuu ya Wanawake tangu msimu wa 2016/17, na Twiga Stars wamefika fainali za Afrika. Ila mabinti wanaweza kuukosa uwanja wa mtaani bila mtu yeyote kuandika katazo. Inatosha kuwaambia wasubiri vijana wa kiume wamalize, na wanapomaliza giza limeshaingia. Timu inayosubirishwa hivyo haifi siku moja. Wachezaji wanapungua, mwalimu anachoka, na mwisho watu wanasema mabinti hawakuwa na nia.

Kwa hiyo, wenyeviti wa kamati, naomba ratiba ya uwanja iandikwe, na ndani yake timu ya mabinti iwe na siku na saa zake, zisizohamishwa kwa sababu ya mechi ya kirafiki ya wanaume. Mkiandaa bonanza, waiteni. Lakini bonanza si ligi. Timu nne za kata jirani zikicheza nyumbani na ugenini, hizo ni mechi 12, na wikendi 6 zinatosha kuzimaliza. Waamuzi mlio na vyeti, kubalini kuchezesha mechi hizo, na kamati iwalipe posho ileile mnayopata kwa wanaume. Matokeo, majina na wafungaji yaingizwe kwenye daftari moja litakalokaa ofisini, lisiwe karatasi ya mwalimu.

Nanyi wazazi na majirani, ulizeni kwenye mkutano ujao wa mtaa: siku ya mabinti uwanjani ni ipi? Kama haipo, msiondoke mkutanoni kabla haijapangwa.