Dhahabu ya Nzega isingehamia kwingine

Sisi tuliokulia Bukene tunaukumbuka mgodi wa Golden Pride, karibu na Nzega mjini. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, ukiwa wa kwanza katika kizazi kipya cha migodi mikubwa ya dhahabu nchini, na ukafungwa baada ya takriban miaka 15. Ajira zilikuwapo, nazo zikaisha pamoja na mawe yenye dhahabu. Leo wawekezaji wengine wakiomba nafuu ya kodi, tunafaa kuuliza: bila nafuu hiyo, ajira zile zisingekuja?

Sheria za mwaka 1997 na 1998 ziliwaruhusu wachimbaji kutoa gharama zote za mitambo kwenye mapato mara moja, kabla ya kukokotoa kodi. Zaidi ya hayo, gharama ambayo haijarudi iliongezewa asilimia 15 kila mwaka.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kampuni imewekeza dola milioni 100, nayo inapata milioni 25 kwa mwaka kwa miaka kumi. Bila nyongeza ile, haitalipa kodi ya mapato kwa miaka minne, kisha italipa asilimia 30 ya faida kwa miaka sita: jumla milioni 45. Tukiweka nyongeza, kodi inaanza mwaka wa sita, na jumla inashuka hadi milioni 35 hivi. Kwa hiyo sehemu ya kwanza inachelewesha tu kodi, lakini nyongeza inaifuta milioni 10 moja kwa moja.

Wapo watakaosema kwamba bei ya dhahabu ilikuwa chini wakati ule, na mtaji ungeweza kwenda Ghana. Hoja hiyo ina uzito. Mwekezaji aliyehatarisha fedha zake alistahili kuzirudisha kwanza, na ucheleweshaji ulimtosheleza kwa hilo. Lakini dhahabu ya Nzega haikuwa na miguu. Kiwanda cha nguo kinaweza kuhamia Kenya au Ethiopia kesho, hivyo kukipa miaka kumi bila kodi ya mapato katika maeneo maalumu ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje kunaweza kununua ajira ambayo kweli isingekuja. Mgodi unafuata mwamba ulipo. Anayefika baada ya mwamba kuthibitishwa kuwa na faida analipwa kwa kufanya jambo ambalo angelifanya hata hivyo.

Kwa madini kuna jambo jingine: mwamba uliochimbwa haurudi. Kodi iliyosamehewa kiwanda inaweza kufidiwa miaka ijayo kikiendelea kufanya kazi. Ya mgodi haifidiwi, maana mwaka wa kumi na sita haupo.

Msimamo wetu basi ni huu: asiyeweza kuhama acheleweshewe kodi, asisamehewe. Anayeweza kuhama apewe nafuu kwa kila ajira iliyohesabiwa, na muda wake uandikwe kwenye mkataba unaosomwa hadharani, hata na sisi wa Bukene.